Uso usiofanana na wa nyumbani

Binti wa miaka 4 aliketi sakafuni ofisini kwangu na boksi la penseli za rangi, mama yake amekaa kando. Nilimwomba anichoree watu wa kwao. Akamchora baba, akamchora mama, akamchora kaka yake, na nyuso zote akazipaka penseli moja, ile nyeupe iliyoingia uwaridi kidogo. Mwisho akajichora mwenyewe katikati, akarudia penseli ileile. Mama yake akainama, akamwambia taratibu, "Lakini wewe, mama, ngozi yako ni ya kahawia." Mtoto akautazama mkono wake, akaitazama karatasi, akajibu kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi: "Hawa ni sisi."

Mimi ni mwanasaikolojia wa watoto, na kwa miaka mingi nimefanya kazi na familia zilizoasili watoto wa kabila au rangi nyingine. Kisa cha binti huyu nimekiunganisha kutoka familia kadhaa ili asitambulike mtu, lakini kila hatua yake nimeiona kwa macho yangu, tena si mara moja. Wazazi wengi wanaokuja kwangu wanadhani swali la "mimi ni nani" huanza balehe. Huanza mapema zaidi, na huanzia machoni.

Mtoto mchanga wa miezi 3 tu tayari huzitazama kwa muda mrefu zaidi nyuso za aina anayoiona nyumbani. Jicho hujifunza sura kama sikio linavyojifunza lugha, yaani kwa kile kinacholizunguka. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watu wazima waliozaliwa Korea, wakaasiliwa na familia za Kizungu wakiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 9. Kwa kawaida kila mtu huzitambua kwa urahisi zaidi nyuso za watu wa asili yake. Hawa walifanya kinyume: walizitambua vyema zaidi nyuso za Wazungu kuliko za Waasia, sawa kabisa na Wafaransa wengine. Kulelewa kulikuwa kumeligeuza jicho.

Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Mtoto aliyeasiliwa nje ya asili yake hubeba kichwani uso wa kawaida ambao si wake. Nimesikia watu wazima kadhaa wakiniambia jambo lilelile kwa maneno yanayokaribiana: kwamba wakipita ghafla mbele ya kioo, kwa nukta moja humwona mtu mgeni. Hawajichukii wala si wagonjwa. Jicho lao linafanya kazi liliyofundishwa. Kwa hiyo yule binti aliposema "hawa ni sisi" hakuwa anaikana rangi yake. Alikuwa anachora familia, na kwa umri wake familia ni wale wanaofanana.

Nilimwomba mama asimlazimishe kurekebisha picha. Tulifanya jambo dogo tu: nyumbani walinunua penseli zenye rangi nyingi za ngozi, wakawa wanajipima mikono yote, ya baba, ya mama na ya watoto, kila mmoja akitafuta yake. Baba naye aligundua kwamba hana rangi moja mwili mzima. Tulitaka rangi iwe jambo linalosemwa mezani bila sauti kushuka. Mtoto husikia upesi sana sauti ya mzazi inaposhuka.

Hapa ndipo wazazi wema hukosea. Husema, "Sisi hatuoni rangi, tunaona mtoto wetu." Wanasema kwa mapenzi ya kweli. Lakini binti akitoka mlangoni, watu wote wanaiona. Akirudi na neno aliloambiwa shuleni, anakuta nyumba ambayo neno hilo halina pa kuwekwa. Hatawaambia tena. Atawalinda wazazi wake, na hilo la kuwalinda hulifanya tangu akiwa mdogo mno.

Alipofika miaka 7, swali lilibadilika. Katika umri huo mtoto huanza kuelewa kwamba ili achukuliwe na hawa, ilibidi kwanza aachwe na wengine. Ile hadithi tamu ya "tulikuchagua wewe" hupasuka katikati. Kwa mtoto anayefanana na wazazi waliomwasili, ufa huo unaweza kukaa ndani kimya kimya. Kwa huyu haukuweza, kwa sababu watoto wenzake walimuuliza kila wiki: "Yule ni mama yako kweli?"

Kiswahili chenyewe kinatuambia kitu hapa. Kuasili mtoto ni neno lililobeba asili ndani yake, kana kwamba mtoto anapewa asili mpya. Kisheria ni kweli. Lakini ile ya kwanza haifutiki, na mtoto mwenye uso tofauti anaivaa hadharani. Nilimshauri mama aisimulie hadithi yote anayoijua, hata sehemu zinazouma, kwa maneno ya umri wa miaka 7, na pale asipojua aseme "sijui, nami ningependa kujua." Mzazi mwingine hujaza pengo kwa kutunga: kwamba mama mzazi alikuwa mrembo, alilia sana, alisema maneno fulani. Mtoto huyajengea nyumba maneno hayo, na siku faili la kuasiliwa kwake likifunguliwa nyumba nzima huanguka, pamoja na imani kwa aliyeyasema.

Kuhusu lile swali la watoto wenzake, tulifanya mazoezi kwa vitendo, mimi nikiwa mwulizaji. Alijifunza kwamba ana njia nne: kuondoka, kusema "hilo ni letu wenyewe", kueleza kidogo, au kumfundisha mwulizaji. Ilimpendeza zaidi kujua kwamba anachagua yeye. Kabla ya hapo alidhani kila aulizaye lazima ajibiwe.

Sasa nifike kwenye umri ninaouhofia zaidi. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Richard Lee aliiandikia hali hii makala, akaiita mkinzano: mtoto hukua akiwa ndani ya hadhi ya wazazi wake, akichukuliwa kama mmoja wa kundi lao, ilhali mbele ya jamii yeye ni wa kundi jingine. Akiwa ameshikwa mkono na mama, watu humwona mtoto wa yule mama. Siku anapoanza kutembea peke yake, mwavuli ule hubaki nyumbani.

Binti alikuwa na miaka 13, yumo ndani ya basi, peke yake. Mama mmoja mtu mzima, mwenye sura kama yake, alikaa karibu naye, akatabasamu, akamsalimia kwa lugha ambayo binti hakuijua hata neno. Binti akanyamaza. Yule mama akarudia, kisha akauliza kwa lugha ya wote: "Mwanangu, hujui lugha ya kwenu?" Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Binti alishuka vituo viwili kabla ya kwake, akatembea. Aliponisimulia, wiki tatu zilikuwa zimepita na hakuwa amemwambia mtu. Alisema, "Kwa yule mama nafanana, sijui kitu. Kwa nyumbani najua kila kitu, sifanani."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Wataalamu huyatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kundi ambalo sura yako inakuweka, na utamaduni unaouishi kwa raha. Kwa watu wengi hayo mawili huja pamoja, hata hawajui kwamba ni mawili. Mtoto huyu huyapata yametengana, na anaweza kuwa na moja imara huku lingine ni tupu. Ndiyo maana anaweza kufaulu shuleni, kuwa na marafiki, kujiheshimu vizuri tu, na bado akashuka basi kabla ya kituo chake.

Siku ile nilimpa karatasi tukachora ramani ya watu. Katikati yeye, na kumzunguka kila mtu anayeonana naye kwa wiki ya kawaida: walimu, jirani, daktari, timu ya mpira, marafiki wa wazazi. Aliandika watu 31. Nikamwomba awawekee alama wanaofanana naye. Alama zikawa mbili, na wote wawili ni watoto. Hakuna mtu mzima hata mmoja. Wazazi walipoiona karatasi ile walikaa kimya muda mrefu. Walikuwa wamejitahidi kwa dhati. Nyumba yao ilikuwa na vitabu na vinyago, na mara moja kwa mwaka walimpeleka kwenye sherehe ya watu wa asili yake, amevaa vazi lililonunuliwa siku hiyo. Lakini sherehe huonyesha utamaduni kwa wageni. Mtoto anahitaji kuuona ukiwa umechoka, unasuka nywele, unagombana na kupatana, unapika jioni ya kawaida.

Tuliamua jambo moja tu kwa mwaka mzima: mtu mzima mmoja, kila wiki. Ilianza kwa msusi. Mama mwenyewe ndiye aliyempeleka, akawa anakaa palepale saa tatu au nne, yeye sasa ndiye pekee asiyefanana na wengine chumbani. Binti alimwona mama yake akikosea, akiuliza, akichekwa kidogo, na akirudi wiki inayofuata. Hilo lilifanya kazi kuliko mazungumzo yangu yote. Msusi alijua ile lugha ya kwenye basi. Hakumfundisha kwa mpango. Alimsalimia tu kwayo kila alipoingia, na alipokosea kujibu alimsahihisha bila kushangaa.

Alipokuwa na miaka 16 alipita kipindi kigumu. Alikataa picha za familia, akawaomba wazazi wasije shuleni, akazungumza kana kwamba aliibiwa. Wazazi wakaniuliza kama ni ujana tu. Ugomvi wa ujana huwa juu ya sheria: saa za kurudi, simu, nguo. Huu ulikuwa juu ya mahali pake. Ningehofia zaidi kama ungekuwa kimya, kwa sababu mtoto ninayemtazama kwa makini ni yule asiyesumbua, anayekubali kila kitu, anayewakwepa hasa wale wanaofanana naye, au anayesugua ngozi na kuificha. Huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu bila kusubiri. Huyu aliyekasirika alikuwa anatafuta. Niliwaomba wazazi wasijitetee, wasiseme "lakini tulikupenda". Wakae, wasikilize.

Si kila kitu kilijazika. Faili lake lilikuwa na kurasa mbili tu, jina la mama mzazi halimo, na mpaka leo halijapatikana. Lugha anaizungumza kwa lafudhi ya mgeni.

Mara ya mwisho alipokuja alikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimeitunza ile picha ya zamani, nikampa. Aliitazama sana. Nilidhani atajicheka au atasikitika. Akaniomba penseli. Hakuugusa uso wake uliokuwa katikati. Pembeni, palipokuwa wazi, alimchora msusi, na nyuma yake mtu mmoja asiye na sura, mistari ya nje tu. Kisha akaikunja karatasi, akauliza kama anaweza kwenda nayo kwa mama.

Nikamuuliza, "Mama yupi?"

Akasema, "Yupo nje, ananingoja kwenye gari."