Buskopani, tezi dume na presha ya macho

Baba ana miaka 68 na ana tezi dume. Jana tumbo lilimnyonga, akameza Buskopani mbili. Tangu usiku mkojo umegoma kabisa. Dawa inahusika?

Kuna uwezekano mkubwa. Tumbo linaponyonga, misuli ya utumbo imejikaza. Hujikaza kwa amri ya mishipa ya fahamu, ambayo hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Buskopani huziba mahali kemikali hiyo inapopokelewa, amri haifiki, utumbo unalegea na maumivu yanatulia.

Kibofu nacho husukuma mkojo kwa amri hiyohiyo. Tezi iliyotanuka hubana njia, kwa hiyo kibofu cha baba yako kinatumia nguvu ya ziada kila anapokwenda haja ndogo. Kikilegezwa kidogo tu, mkojo unabaki ndani. Dawa hii ya kumeza huingia kidogo sana kwenye damu, ndiyo maana wengi haiwapati shida hii, lakini kibofu kilichokwisha kuchoka hakina akiba. Muulize pia kama alimeza piritoni kwa ajili ya mafua, au kama anatumia amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya mishipa ya fahamu. Zote mbili huzuia amri ileile, na zikikutana na Buskopani mzigo unaongezeka.

Msimnyweshe maji mengi eti yasukume mkojo. Yatazidi kukijaza kibofu. Mpelekeni hospitali sasa hivi awekewe mpira wa mkojo, na mbebe pakiti za dawa zote alizomeza.

Mimi nina presha ya macho, natumia matone. Nami nisiiguse?

Inategemea aina. Ndani ya jicho kuna maji yanayotoka kupitia pembe iliyo kati ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na ile sehemu yenye rangi. Dawa za kundi hili zinaweza kutanua mboni. Pembe ikiwa nyembamba, mboni iliyotanuka huweza kuiziba, na presha ikapanda ndani ya saa chache. Mwenye pembe iliyo wazi hatari yake ni ndogo zaidi. Muulize daktari wa macho, "Pembe yangu ni nyembamba?" Kabla hujajibiwa, usimeze.

Ukishameza, jicho likauma sana, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa, kimbilia hospitali. Hali hii huleta pia kichefuchefu na kutapika, na hapo ndipo watu hukosea: hudhani ni lile tumbo, wakaongeza kidonge.

Nisipokuwa na hayo, nimeze vingapi?

Kidonge kimoja kina miligramu 10. Mtu mzima humeza viwili kwa maji, bila kutafuna, visizidi vinane kwa siku. Wenye mapigo ya moyo ya kasi au miastenia gravisi, ugonjwa unaodhoofisha misuli, wasitumie. Tumbo likiwa gumu, kuna homa, damu kwenye choo, au hutoi hata ushuzi, usimeze. Utumbo ulioziba hauhitaji kulegezwa, unahitaji daktari wa upasuaji.