Lilith katika Chati za Watu Wawili: Mvuto Unaoishi Kwa Kukatazwa

Katika kazi ya kulinganisha chati za kuzaliwa za watu wawili, kazi ambayo wanajimu huiita sinastria, hakuna nukta inayoulizwa kwa sauti ya chini kama Lilith. Anayeuliza mara nyingi amekwisha kujua jibu analolitaka: kuna mtu asiyemtoka akilini, pengine mtu ambaye hapaswi kabisa kumtamani, naye amesoma mahali kwamba Lilith yake imegusa Zuhura ya mtu huyo. Ningependa kueleza nukta hii ni nini hasa, inasemwa kuonyesha nini, na ni wapi usomaji wake hupotoka.

Lilith inayotumiwa na wanajimu wengi leo si sayari wala nyota. Mwezi hauizunguki Dunia kwa duara kamili, bali kwa njia ya duaradufu, hivyo kuna upande ambapo hufika mbali zaidi, takriban kilomita 405,000, na upande ambapo hukaribia hadi kilomita 363,000 hivi. Ule upande wa mbali, ukitazamwa kutoka Duniani, huelekea nyuzi fulani ya mzunguko wa nyota 12, na nyuzi hiyo ndiyo Lilith, au Mwezi Mweusi. Huzunguka nyota zote kwa muda wa karibu miaka 8 na miezi 10, ikikaa miezi 9 hivi katika kila nyota. Mahali hapo hakuna kitu cha kuonekana kwa darubini, na kwa wale walioikuza nukta hii, hasa wanajimu wa Ufaransa wa karne ya 20, utupu huo ulikuwa sehemu ya maana yake, kwa sababu waliona hapo hamu isiyopata mahali pa kutua.

Jina lenyewe limetoka katika simulizi za Kiyahudi. Katika Alfabeti ya Ben Sira, maandishi ya Zama za Kati, Lilith ni mke wa kwanza wa Adamu, aliyeumbwa kwa udongo uleule, ambaye alikataa kulala chini yake kwa hoja kwamba wako sawa, akalitamka jina la Mungu na kuruka zake. Mambo mawili ya simulizi hii ndiyo yanayobeba usomaji wote wa sinastria: alikataa kuwekwa chini, na baada ya kuondoka akageuzwa kuwa wa kuogopwa. Wanajimu husema kwamba Lilith katika chati huonyesha sehemu ya mtu iliyofanyiwa vivyo hivyo, yaani hamu au hasira au uhuru ambao nyumbani kwao, dini yao au jamii yao iliufukuza, lakini haukufa.

Kabla ya kusoma chochote, lazima mtu ajue anasoma Lilith ipi. Programu za unajimu hutoa nukta ya wastani, ambayo husogea polepole, chini ya dakika saba za nyuzi kwa siku, na pia nukta inayoitwa ya kweli, ambayo huyumba mbele na nyuma na inaweza kuachana na ile ya wastani kwa nyuzi hata 30, yaani nyota nzima. Tena kuna sayari ndogo namba 1181, iliyogunduliwa mwaka 1927, ambayo nayo huitwa Lilith. Mtu anayechukua moja, na isipompa alichokitaka akahamia nyingine, hatakosa hata siku moja mgusano, yaani nukta ya mmoja kukaa juu ya ile ya mwenzake au kwenye pembe maalumu nayo. Mimi hutumia nukta ya wastani pekee, na huiandika kabla sijaifungua chati ya mtu wa pili.

Hapa kuna jambo linalowahusu wasomaji wetu moja kwa moja. Aliyezaliwa saa mbili asubuhi akaandika 2:00 kwenye programu ameikosea chati kwa saa sita, kwa sababu programu huhesabu kuanzia usiku wa manane na ilipaswa kupewa 8:00. Kosa hilo huuhamisha Mwezi kwa zaidi ya nyuzi tatu, na nyota iliyokuwa ikichomoza mashariki hubadilika kabisa. Lilith ya wastani haitasogea hata dakika mbili za nyuzi. Kwa hiyo asiyejua saa yake ya kuzaliwa bado anaweza kuamini mgusano wa Lilith na Zuhura au Mirihi, lakini ule wa Lilith na Mwezi, au na nyuzi iliyokuwa ikichomoza, auache.

Sasa usomaji wenyewe. Katika mgusano wowote kuna mwenye Lilith na kuna mwenye sayari, na hawa wawili hawapitii jambo moja. Mwenye sayari ndiye anayesemwa kushikwa. Ikiwa sayari ni Zuhura, hushikwa na uzuri wa mtu ambaye ladha yake ya kawaida isingemchagua. Ikiwa ni Mirihi, hushikwa na tamaa ya mwili yenye ukali ndani yake. Ikiwa ni Mwezi, hujihisi amefunguliwa kitu cha utotoni, na hapo ndipo utegemezi mzito zaidi huzaliwa. Mwenye Lilith, kwa upande wake, hujihisi ameonwa katika ile sehemu aliyozoea kuificha, na hisia hiyo ni tamu kiasi kwamba anaweza kuvumilia mengi ili isikatike.

Linalofuata ndilo wanajimu wenye uzoefu hulitazama kwa makini. Mwenye sayari hatimaye huanza kumlaumu mwenzake kwa kitu kilekile kilichomvuta. Uhuru aliouabudu huuita uasherati, na ujasiri aliousifu huuita jeuri. Simulizi ya kufukuzwa hujirudia, na baada ya kumfukuza humtafuta tena.

Mvuto wa namna hii una alama yake. Mgusano wa Zuhura na Mirihi huleta hamu inayotulia ikipata nafasi, na ule wa Pluto huleta haja ya kummiliki na kumchunguza mwenzako. Mvuto unaohusishwa na Lilith hukua kwa katazo. Wawili wakizuiwa, huwaka. Wakipewa ruhusa, mmoja wao hujikuta hana tena cha kutamani. Nikimsikiliza mtu, swali langu la kwanza huwa hilo: ni siku zipi unamfikiria zaidi, zile ambazo mlango uko wazi au zile ambazo umefungwa? Jibu hilo huniambia mengi kuliko nyuzi.

Chukueni mfano wa watu ambao maisha yao yanajulikana hadharani. Mfalme Charles wa Uingereza alizaliwa London tarehe 14 Novemba 1948, na Zuhura yake iko nyuzi 16 za Mizani. Malkia Camilla alizaliwa London tarehe 17 Julai 1947, na Lilith yake ya wastani iko kati ya nyuzi 18 na 19 za Mbuzi. Kati ya nukta hizo mbili kuna pembe ya mraba, nyuzi 90, yenye pengo la nyuzi mbili na kidogo kutoka 90 kamili. Mwenye sayari ni Charles, na mwenye Lilith ni Camilla.

Mnajimu atasoma hivi. Zuhura iko Mizani, nyota yake yenyewe, inayosimamia ndoa, mapatano na sura njema mbele ya watu. Lilith iko Mbuzi, nyota ya cheo, sheria na taasisi kongwe. Pembe ya mraba husema kwamba viwili hivi vinavutana na kuzuiana kwa pamoja, na kwamba kizuizi kitakuwa na sura ya Mbuzi, yaani cheo na kanuni. Ukiyatazama matukio, Camilla aliolewa na mtu mwingine mwaka 1973, Charles akamwoa Diana mwaka 1981, na mwaka 1994 alikiri kwenye televisheni kwamba hakuwa mwaminifu katika ndoa hiyo baada ya kuvunjika kusikoweza kurekebishwa. Hata walipokuwa huru kuoana, kanuni ziliendelea kusimama kati yao: tarehe 9 Aprili 2005 walifunga ndoa ya kiserikali katika ukumbi wa mji wa Windsor, na ibada ya kuwaombea baraka ikafuata kanisani, kwa kuwa Camilla alikuwa mtalaka, na mume wake wa kwanza alikuwa bado hai. Kwa msomaji wa nukta hii, picha inakaa vizuri. Jambo moja kubwa linapingana na usomaji huu, nalo ni kwamba ruhusa ilipopatikana, mvuto haukuzimika.

Lakini tufanye jaribio ambalo wengi huliruka. Lilith ya wastani ya Diana, aliyezaliwa tarehe 1 Julai 1961, iko karibu na nyuzi 17 za Simba. Kutoka hapo hadi Zuhura ya Charles ni nyuzi 60 kwa pengo lisilofika nusu nyuzi, ambalo ni dogo kuliko lile la Camilla. Anayekubali kila pembe atalazimika kusema kwamba mvuto wa Lilith ulikuwa mkali zaidi kwa Diana. Anayeikataa pembe ya nyuzi 60 kwa sababu ni laini, awe ameikataa tangu mwanzo kwa kila mtu. Kuamua baada ya kuijua hadithi si usomaji.

Hesabu hueleza kwa nini tahadhari hii ni ya lazima. Tuseme tunakubali mkutano, yaani nukta juu ya nukta, pembe ya kuelekeana ya nyuzi 180 na pembe mbili za mraba, kila moja kwa pengo la nyuzi tatu upande huu na upande ule. Hizo ni nyuzi 24 kati ya 360, yaani nafasi ya karibu asilimia 7 kwa nukta moja. Ukipima Lilith ya kila mmoja na Jua, Mwezi, Zuhura, Mirihi na nyuzi iliyokuwa ikichomoza ya mwenzake, umepima mara kumi, na takriban nusu ya jozi zote za watu, hata za abiria wawili waliokaa kiti kimoja cha daladala, zitakuwa na angalau mgusano mmoja. Nusu ya watu haiwezi kuwa katika mapenzi ya kukatazwa. Ukibakiza mkutano pekee, kwa pengo la nyuzi mbili, idadi hushuka hadi kama jozi moja tu katika kila jozi kumi.

Kwa sababu hiyo, pembe ya mraba kama ile ya Camilla na Charles huitaja tu pale mambo mengine katika chati yanaposema vilevile, na mkutano wa nyuzi mbili ndio ninaousoma kwa uzito wake. Lilith ya mmoja juu ya Lilith ya mwenzake siisomi kabisa kwa waliozaliwa wiki chache kati yao, maana wanafunzi wengi wa darasa moja huweza kuwa nayo. Na anapokuja mtu anayefuatwa, anayepigiwa simu usiku kucha na asiyetaka, chati huiweka kando, kwa kuwa huyo anahitaji ndugu zake na polisi, na hakuna nyuzi ya Lilith inayompa anayemfuata haki ya kuendelea.