Usaili wa msimamizi wa saiti: helmeti peke yake haitakupa kazi

Nimekaa mara nyingi upande wa wanaouliza, hapa Kampala, tukitafuta msimamizi wa saiti. Swali linalowaangusha wengi ni hili: mvua imenyesha usiku, asubuhi unakuta vibarua wanne wameshashuka kwenye mtaro wa mita mbili, na pembeni mwa ukingo kuna ufa. Mhandisi bado yuko njiani, mwenye jengo anataka zege imwagwe leo. Unafanyaje?

Dhana: usalama ni vifaa vya kujikinga. Wengi huanza papo hapo: "Nitahakikisha kila mtu ana helmeti, gambuti na jaketi la kung'aa." Tunanyamaza, tukingoja aendelee, naye hana la kuongeza.

Ukweli ni kwamba meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na ukiwa umelowa huzidi. Helmeti haina la kufanya hapo. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi hata kama kichwa kiko nje, kwa sababu kifua hakipati nafasi ya kutanuka. Mwenzake akirukia ndani kumvuta, upande wa pili humwangukia na yeye.

Jibu tunalolitaka huanza na watu: watoke wote, wahesabiwe, kamba ifungwe mbali na ukingo, ndipo simu ipigwe kwa mhandisi. Ufa unaokwenda sambamba na mtaro una maana kwamba kipande kizima kinajiandaa kushuka. Baada ya hapo tunataka kusikia kuhusu rundo la udongo uliochimbwa, ambalo mara nyingi hukaa pale pale ukingoni na kuusukuma. Lisogezwe, angalau mita moja. Kuta zichongwe kwa mteremko au zizuiwe kwa mbao na miti ya kukaza. Ngazi iwekwe karibu na wanapofanya kazi, ichomoze juu ya ukingo. Mtaro ukaguliwe kila asubuhi, na tena kila mvua inapokatika. Mwezi wa Aprili hiyo ni karibu kila siku.

Dhana: vibarua wanataka ukali. Mwombaji mmoja alituambia kwa fahari kwamba yeye ni nyapara wa kweli, mtu akilegea anarudishwa nyumbani. Nikamuuliza: wale wanne uliowatoa mtaroni, leo watalipwa? Akacheka: "Hawajafanya kazi, ssebo."

Hapo alijikwaa. Kibarua wa lejaleja anayejua kwamba akisema "kuna ufa" siku yake inapotea, kesho atauona na kunyamaza. Malipo ya kupimwa kwa mita zilizochimbwa ni mabaya zaidi, kwa sababu kila dakika ya kuweka mbao ni hela inayomtoka mfukoni. Msimamizi anayeijua kazi huwapangia nyingine, kama kukunja nondo au kusogeza matofali, na siku yao inahesabiwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inatambua haki ya mfanyakazi ya kujiondoa kwenye hatari. Ukali unamnyima haki hiyo bila wewe kugundua.

Halafu kuna lugha. Asubuhi moja unaweza kuwa na mtu wa Gulu, wa Masaka, na mwingine aliyevuka kutoka Kongo. Kikao cha dakika kumi kwa Kiingereza kitaitikiwa "yesi" na wote. Mgeni aoneshwe kwa vitendo, kisha yeye akuoneshe wewe. Siku ya kwanza ashike kazi pamoja na mwenyeji, asipewe mtaro peke yake.

Dhana: "sijawahi kupata ajali" ni jibu zuri. Kwangu lina maana kwamba hakuandika. Nipe ile iliyokaribia kutokea, tofali lililodondoka hatua mbili kutoka kwa mtu, na ulichobadilisha kesho yake.

Dhana: kibarua ni kibarua siku zote. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema mtu haajiriwi kama kibarua zaidi ya miezi minne. Akiendelea mfululizo hadi hapo, anastahili mkataba wa maandishi na anaacha kuwa kibarua. Si wewe utakayeuandika, ila daftari la mahudhurio ni lako, na ndilo linaloonesha alianza lini. Andika jina kamili, tarehe ya kuanza, na namba ya ndugu wa kupigiwa simu. Mtu akiingia mwezi wake wa nne kazini, ofisi iwe imeshaambiwa. Wapo wanaotuambia kwamba watamfukuza Ijumaa na kumwita tena Jumatatu, na wanalisema hilo kwa tabasamu, mbele ya afisa wa rasilimali watu aliyeketi pembeni yangu akiandika.