Benki kwa 0.5, teknolojia kwa 47: ipi ghali?

Dhana: Hisa ya benki inayouzwa chini ya thamani yake vitabuni ni rahisi, na ya kampuni ya teknolojia inayouzwa mara 40 ya thamani hiyo ni ghali mno.

Uwiano wa bei kwa thamani ya vitabuni hugawanya bei ya hisa zote kwa mtaji wa wanahisa kwenye mizania, yaani mali ukitoa madeni. Watu hubishana kuhusu bei, kumbe jambo limo kwenye kigawanyo.

Mali za benki ni mikopo na hatifungani, vitu ambavyo tayari vimeandikwa kwa fedha. Mali kuu ya kampuni ya teknolojia ni programu iliyoandikwa na wahandisi wake, na sehemu kubwa ya mishahara yao huhesabiwa kuwa matumizi ya mwaka huohuo. Haiingii kwenye mizania.

Tuseme kampuni imetumia milioni 100 kila mwaka kwa utafiti, kwa miaka 5, na kazi hiyo huishiwa nguvu polepole kwa miaka 5. Ukiihesabu kama mali, bado kuna 100 + 80 + 60 + 40 + 20, yaani milioni 300. Ikiwa mtaji vitabuni ni milioni 100 na soko linaithamini milioni 1,200, uwiano ni 12. Ongeza zile 300, tukiweka kodi kando, unashuka hadi 3. Biashara ni ileile.

Dhana: Uwiano ukipanda, bei ndiyo iliyopanda.

Si lazima. Mtaji wa Apple ulikuwa takriban dola bilioni 134 mwaka 2017, lakini Septemba 2022 ulibaki kama bilioni 51, katika mwaka ambao ilipata faida ya karibu bilioni 100. Haikufilisika. Ilikuwa ikinunua tena hisa zake kwa wingi, na kila ununuzi hupunguza mtaji vitabuni. Hilo lilichangia sana uwiano wake kufika karibu 47.

Dhana: Basi kwa benki namba hii ni salama.

Inafaa zaidi, lakini hapa ndipo wengi huumia. Mwishoni mwa 2022, Silicon Valley Bank ilionyesha mtaji wa takriban dola bilioni 16. Hatifungani ilizokusudia kushika hadi zikomae zilikuwa zimeandikwa kwa gharama ya kuzinunua, wakati bei yake sokoni ilikuwa pungufu kwa bilioni 15. Hasara hiyo ilitajwa kwenye maelezo ya hesabu tu. Benki ilifungwa tarehe 10 Machi 2023.

Kwa hiyo ukikuta benki kwa 0.5, anza na maelezo hayo na mikopo chechefu. Kisha tazama faida kwa mtaji. Benki inayopata asilimia 8 wakati wanahisa wanadai 12, huku ikikua kwa 4, inastahili (8 − 4) ÷ (12 − 4), yaani 0.5 hasa. Hapo hakuna punguzo lolote.