Kwa nini kupanda na kushuka kwa asilimia ileile hakukurudishi ulipoanzia

Shangazi yangu anauza magauni ya watoto. Mwaka mmoja, Idi ilipopita, alibaki na magauni 60 ambayo hakutaka kuyaona dukani hadi mwaka unaofuata. Alikuwa ameyanunua kwa bei ya jumla, shilingi 16,000 kila moja, akaongeza asilimia 25 na kuyauza 20,000. Sasa akaamua: faida nimeisamehe, nataka mtaji wangu tu. Kwa kuwa aliongeza asilimia 25, akaona akiondoa asilimia 25 atakuwa amerudi palepale aliponunulia. Akabandika karatasi mlangoni, punguzo la asilimia 25, na magauni yote yakaisha kwa siku nne.

Alipohesabu fedha alikuta 900,000. Mtaji wa magauni 60 ulikuwa 960,000. Akahesabu tena, akahoji wasaidizi, mwishowe akanipigia simu: "Mwanangu, nimeongeza robo, nimetoa robo. Hii elfu sitini imepotelea wapi?"

Haikuibiwa na mtu. Ilipotea kwenye hesabu, na ilipotea kabla gauni la kwanza halijauzwa.

Asilimia ni sehemu ya kitu fulani ukikigawa mafungu 100. Maneno "asilimia 25" peke yake hayana kiasi, kama vile ukisema "robo" bila kutaja robo ya nini. Robo ya kilo si robo ya gunia. Kwa hiyo kila asilimia ina kiasi inachokatwa kutoka kwake, tukiite msingi. Bei ikipanda au kushuka, msingi ni bei iliyokuwapo kabla ya badiliko hilo. Ndiyo maana kanuni ya kutafuta asilimia ya badiliko ni moja tu: toa bei ya zamani kutoka bei mpya, gawanya kwa bei ya zamani, zidisha kwa 100. Jibu likiwa chanya bei imepanda, likiwa hasi imeshuka.

Tazama misingi miwili ya shangazi. Alipoongeza, msingi ulikuwa 16,000, na robo ya 16,000 ni 4,000. Alipopunguza, bei haikuwa tena 16,000. Ilikuwa 20,000, na robo ya 20,000 ni 5,000. Alipandisha gauni kwa 4,000 akalishusha kwa 5,000, likaishia 15,000. Shilingi 1,000 chini ya mtaji kwa kila gauni, mara 60, ndiyo ile elfu sitini.

Ile 1,000 ina asili yake, na ukiijua hutaisahau hesabu hii. Bei ya 20,000 imeundwa na vipande viwili: mtaji wa 16,000 na nyongeza ya 4,000. Punguzo la asilimia 25 linakata vyote viwili bila kubagua. Robo ya mtaji ni 4,000, na hiyo peke yake ingetosha kufuta nyongeza yote. Lakini punguzo linakata pia robo ya ile nyongeza, yaani 1,000. Kinachopotea siku zote ni asilimia ya nyongeza.

Kwa hesabu ya kuzidisha, kuongeza asilimia 25 ni kuzidisha kwa 1.25, na kupunguza asilimia 25 ni kuzidisha kwa 0.75:

```
16,000 × 1.25 × 0.75 = 15,000
1.25 × 0.75 = 0.9375
```

Hiyo 0.9375 inasema umebaki na asilimia 93.75 ya ulichoanza nacho, umepoteza asilimia 6.25. Na kwa kuwa katika kuzidisha haijalishi namba gani inatangulia, kinyume chake kinakupeleka palepale. Wengi hudhani wakianza kwa kushusha ndipo wapandishe, watapata ziada. Ijaribu: 16,000 ikishuka asilimia 25 inakuwa 12,000. Robo ya 12,000 ni 3,000 tu, kwa hiyo ikipanda inafika 15,000. Katika safari ya kwanza hasara ilitokea kwa sababu msingi wa kushuka ulikuwa mkubwa. Katika hii imetokea kwa sababu msingi wa kupanda ni mdogo. Njia mbili, shimo moja.

Kina cha shimo hilo kinategemea ukubwa wa asilimia, na hakikui kwa mwendo wa polepole. Ukipanda na kushuka kwa asilimia 5 unapoteza robo ya asilimia moja, kiasi ambacho wauza duka wengi hawakihisi. Kwa asilimia 10 unapoteza asilimia 1. Kwa asilimia 50 unapoteza 25, yaani robo nzima ya mali. Na kitu kilichopanda kwa asilimia 100, kikishuka asilimia 100, hakibaki kitu. Nadhani hapo ndipo kosa linapodumu: watu hulizoea kwenye asilimia ndogo, ambako halionekani, kisha wanaingia nalo kwenye kubwa.

Basi shangazi angepunguza kiasi gani ili arudi 16,000? Alihitaji kuondoa 4,000 kutoka 20,000, ambayo ni moja ya tano, asilimia 20. Nilipomwambia hakufurahia asilimia, ila alifurahia kuisikia kwa mafungu, kwa sababu sokoni wanafikiri hivyo: ukiongeza robo, rudi kwa moja ya tano. Ukiongeza theluthi, rudi kwa robo. Ukiongeza nusu, rudi kwa theluthi. Namba ya chini ya sehemu inaongezeka moja. Ukiwa umeshuka na unataka kupanda, inapungua moja: ulichopunguza kwa moja ya tano unakirudisha kwa kuongeza robo, na ulichopunguza kwa nusu unalazimika kukiongeza mara moja zaidi ya kilivyo, yaani asilimia 100. Sababu yake iko wazi ukichora mstari. Bei yenye mafungu manne, ukiiongezea fungu moja, inakuwa na mafungu matano. Fungu ni lilelile, ila sasa ni moja kati ya matano.

Kwa asilimia isiyo sehemu rahisi, kama 18, usitafute njia ya mkato. Gawanya. Kama bei ilizidishwa kwa 1.18, kuirudisha ni kuigawanya kwa 1.18.

Na 18 sikuichagua ovyo. Ni kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara, na ndipo kosa la shangazi linapowapata hata watu wa ofisini. Tuseme umepewa bei ya 118,000, kodi ikiwa ndani, na unataka kujua bei kabla ya kodi. Wengi wanabonyeza kikokotoo: asilimia 18 ya 118,000 ni 21,240, wanaitoa, wanapata 96,760. Si sahihi. Kodi haikukokotolewa kutoka 118,000. Ilikokotolewa kutoka bei ya bidhaa kabla ya kodi, na msingi huo ndio unaoutafuta.

```
118,000 ÷ 1.18 = 100,000
118,000 − 100,000 = 18,000
```

Kodi ni 18,000. Aliyekata asilimia 18 kutoka juu ameikuza kwa 3,240, na hiyo 3,240 ni asilimia 18 ya 18,000. Ni lile jambo la asilimia ya nyongeza tena. Kujua kama umekosea ni rahisi: chukua jibu lako, lipandishe asilimia 18, uone kama linarudi 118,000. Ukipandisha 96,760 unapata kama 114,177. Haikurudi, kwa hiyo msingi haukuwa wenyewe. Jaribio hilo la kurudisha jibu juu linafaa kwa kila hesabu ya aina hii, na linachukua sekunde chache.

Jirani zetu wa Kenya walipitia mfano mwingine. Aprili 2020 serikali ilishusha kodi hiyohiyo kutoka asilimia 16 hadi 14, na Januari 2021 ikairudisha 16. Kiwango chenyewe kilishuka pointi mbili za asilimia. Je, bei ya bidhaa ilipaswa kushuka asilimia 2? Hapana. Kitu cha shilingi 100 kabla ya kodi kiliuzwa 116, kikawa 114. Mbili kati ya 116 ni kama asilimia 1.72. Iliporudi, mbili kati ya 114 ni kama asilimia 1.75. Shilingi mbili zilezile, asilimia mbili tofauti, na hapa bei ilirudi sawasawa pale ilipokuwa kwa sababu kilichorudishwa ni kiasi, si asilimia. Pointi za asilimia zinatoka na kurudi bila kupungua. Asilimia ya kitu kilichobadilika ndiyo haikurudishi.

Fedha za kigeni zina mtego wao, kwa sababu pale msingi hubadilika hata bila kupanda na kushuka. Inatosha kubadili upande unaotazamia. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na ndani ya miezi michache ikawa karibu 130. Tuzitumie namba hizo mbili kama zilivyo. Mwenye dola aliona dola yake ikishuka kutoka 160 hadi 130: imepungua 30 kati ya 160, asilimia 18.75. Mwenye shilingi naye ana haki ya kuuliza shilingi yake imepanda kiasi gani. Kabla, shilingi 160 zilinunua dola moja. Sasa shilingi 130 zinatosha, kwa hiyo zile 160 zinanunua dola 1.23. Shilingi imepanda asilimia 23.

Mmoja akisema dola imeshuka karibu asilimia 19 na mwingine akisema shilingi imepanda 23, hawapingani. Wa kwanza amegawanya kwa 160, wa pili kwa 130. Lakini aliyesoma kwamba dola imeshuka asilimia 19 akahitimisha kuwa shilingi imepanda asilimia 19 amefanya alichofanya shangazi: ameibeba asilimia kutoka msingi mmoja akaiweka juu ya mwingine. Na ili dola irudi 160, haitoshi ipande asilimia 18.75 ilizoshuka. Kutoka 130, asilimia 18.75 ni shilingi 24 na senti kidogo, inaishia karibu 154. Inahitaji kupanda asilimia 23, ileile iliyopanda shilingi.

Shangazi siku hizi anaandika namba mbili kwenye kitambulisho cha kila gauni. Mbele ni bei ya mteja. Nyuma, kwa penseli, ni bei ya jumla, na msimu ukiisha anauza kwa hiyo ya penseli bila kutaja asilimia yoyote.