TTL: namba inayoamua kama tovuti itahama bila kuzimika

Kila rekodi ya DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva, ina namba iitwayo TTL. Ni idadi ya sekunde ambazo seva za watoa intaneti zinaruhusiwa kukumbuka jibu kabla ya kuuliza tena. Ukihamisha tovuti, ni namba hii inayoamua wateja wataendelea kupelekwa seva ya zamani kwa muda gani.

Chukua duka la vipuri la Barabara ya Kirinyaga lenye tovuti mfano.co.ke. Seva ya zamani ni 192.0.2.10, mpya ni 203.0.113.25, na TTL ni 14400, yaani saa 4. Ukibadilisha rekodi ya A, ile inayotaja anwani ya seva ya tovuti, saa nne asubuhi, mteja wa Westlands huenda akafika seva mpya papo hapo, huku wa Umoja akipelekwa ya zamani hadi saa nane mchana. Kwa hiyo shusha TTL iwe 300 kwanza, kisha subiri saa 4 zipite kabla ya kuhama. Aliyekwisha kukumbuka jibu la zamani hana habari kwamba umeipunguza.

Wakati unasubiri, nakili faili na cheti cha usalama pamoja na ufunguo wake, kisha ijaribu seva mpya kwa kuongeza mstari huu katika faili ya hosts ya kompyuta yako:

```
203.0.113.25 mfano.co.ke
```

Baruapepe ndiyo huumiza wengi. Mara nyingi rekodi ya MX, inayosema barua zipelekwe seva gani, huelekeza kwenye mfano.co.ke yenyewe, hivyo ukigeuza A, barua nazo hufuata hadi seva mpya isiyo na visanduku, na zinarudishwa kwa waliozituma. Tengeneza mail.mfano.co.ke inayobaki 192.0.2.10, kisha elekeza MX huko, nayo kabla ya kuanza kuhesabu zile saa 4. Barua zihamishwe siku nyingine.

Hifadhidata inataka uangalifu zaidi, kwa sababu hata TTL ya 300 huacha dakika ambazo seva zote mbili zinapokea oda. Simamisha kuagiza kwa dakika chache, tovuti ikiendelea kusomeka, kisha chukua nakala:

```
mysqldump --single-transaction duka > duka.sql
```

(Chaguo hilo hulinda majedwali ya aina ya InnoDB pekee.) Ipakie kwenye seva mpya, kisha badilisha mipangilio ya tovuti ya zamani isome na kuandika kwenye hifadhidata mpya. Kwenye seva mpya, fungua mlango wa hifadhidata, 3306, kwa 192.0.2.10 tu. Sasa ruhusu oda na ugeuze A. Atakayefika seva ya zamani ataona kurasa zikijivuta kidogo, lakini oda yake itaingia panapostahili. Baadhi ya watoa huduma huzuia mlango huo. Hapo acha kuagiza kumefungwa upande wa zamani.

Hakikisha kwa kuuliza seva ya nje:

```
dig +short mfano.co.ke @8.8.8.8
```

Usifunge akaunti ya zamani kwa kuamini jibu hilo pekee. Fungua kumbukumbu za wageni za seva ya zamani. Zikibaki roboti tupu, tovuti imehama. Akaunti yenyewe ibaki hadi visanduku vya barua navyo vihame.