Lipa mdogo mdogo: mauzo ya ploti ni yapi, riba ni ipi?

Tuseme kampuni moja ya Mombasa inauza ploti za hamsini kwa mia huko Utange. Kwenye kibao kilichopigiliwa mnazini kuna bei mbili. Keshi, Sh 1,000,000. Mdogo mdogo, dipoziti Sh 200,000, kisha Sh 40,000 kila mwezi kwa miezi 24. Ukijumlisha, huyu wa pili anatoa Sh 1,160,000 kwa ploti ileile, yenye bikoni zilezile.

Ile Sh 160,000 ni ya nini? Ploti haikunona kwa kuwa mnunuzi hana keshi. Kampuni imemuuzia ardhi, halafu ikamkopesha Sh 800,000 amalizie bei. Kwa hiyo vitabu vinataka mistari miwili: mauzo ya ploti Sh 1,000,000, na mapato ya riba Sh 160,000. Kiwango cha uhasibu cha IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 2018, kinasema riba hiyo ionyeshwe mbali na mauzo. Kinaruhusu kutoitenganisha pale ambapo, wakati wa kuweka mkataba, inatarajiwa kwamba kati ya kukabidhi ploti na kulipwa hakutapita mwaka mmoja. Miezi 24 haingii hapo.

Mombasa neno riba lina uzito wake, na wauzaji wengi huandika kwenye tangazo “bila riba”. Mkataba unaweza kupangwa kama murabaha, bei moja iliyokubaliwa tangu mwanzo isiyopanda hata ukichelewa. Hilo ni la mnunuzi na dini yake, na sina la kuongeza. Lakini IFRS 15 haisomi jina. Inauliza tu kama anayelipa leo na anayelipa kwa miaka miwili wanatozwa bei tofauti kwa sababu ya muda. Mstari ule unaweza kuitwa mapato ya ufadhili, ilimradi usichanganywe na mauzo.

Mauzo yote ya Sh 1,000,000 huingia siku mnunuzi anapoipata ploti mikononi mwake, pamoja na gharama yote ya ploti hiyo. Riba haiingii siku hiyo hata senti moja. Hujengeka mwezi baada ya mwezi juu ya deni lililobaki. Kiwango chake unakipata kwenye lahajedwali hivi:

```
=RATE(24,-40000,800000)
```

Jibu ni kama asilimia 1.513 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, Sh 800,000 zinazaa riba ya Sh 12,105. Mteja akileta 40,000 zake, Sh 27,895 zinakata deni. Mwezi wa pili riba inashuka hadi Sh 11,683, kwa kuwa deni limepungua. Mwezi wa mwisho ni kama Sh 596 tu. Ndiyo maana kugawa 160,000 kwa 24 na kuandika Sh 6,667 kila mwezi ni makosa, ingawa jumla ya mwisho ni ileile: mwaka wa kwanza unastahili karibu Sh 116,000 na wa pili karibu Sh 44,000, si 80,000 kwa 80,000.

Kampuni inayoandika 1,160,000 yote kama mauzo hugundulika upesi. Chukua mauzo ya mwaka, gawa kwa idadi ya ploti zilizokabidhiwa, linganisha na bei ya keshi. Ikizidi, riba imo ndani. Ila hakikisha ile bei ya keshi ni ya kweli. Kama kibao kinasema milioni moja na wenye keshi wote hupunguziwa hadi Sh 950,000, basi mauzo ni 950,000, mkopo ni 750,000, na riba ni 210,000.

Sehemu ngumu zaidi ni ile siku ya makabidhiano. Kubaki na hati miliki mpaka deni liishe hakuzuii mauzo kuandikwa, ikiwa mnunuzi ameshaingia, amezungushia ua, anachimba msingi, na hati imeshikwa kama dhamana tu. Lakini mikataba mingine humkataza kugusa ploti kabla ya shilingi ya mwisho, na akikwama kampuni humuuzia mwingine. Huyo hajauziwa kitu bado. Dipoziti na zile 40,000 zake ni deni ambalo kampuni inadaiwa, halina mauzo wala mapato ya riba. Tena hapo mambo yanaweza kugeuka: mteja ndiye anayeikopesha kampuni kwa miaka miwili, na riba ikiwepo, inakuwa gharama ya kampuni.